Mstari wa Mwisho wa Mwaliko

Hajaolewa wala hajazaa, watu wa mtaa walikwisha kumpa jina la Mama Dozi. Alikuwa mfamasia kwenye duka la dawa la barabara kuu, nyuma ya kioo chenye tundu la kupitishia mkono, na hakuna aliyetoka pale bila kuambiwa, "Maliza dozi." Siku moja alimwambia hivyo mtu aliyekuja kununua pamba. Yule mtu akaitazama pamba, akamtazama yeye, wakacheka wote wawili mpaka foleni nzima ikacheka. Tangu hapo jina likanata.

Kilichomtoa nyuma ya kile kioo ni baba yake. Mzee alikuwa na shinikizo la damu, na Mama Dozi alisaidiana na kaka yake kumuuguza. Asubuhi moja kaka alimpa vidonge akaondoka, dada akaingia, akampa tena. Mzee akaanguka bafuni. Hakuvunjika mfupa, ila imani ilivunjika. Kuanzia siku ile kila akiletewa kikombe cha maji aliuliza, "Hiki ni cha nani? Chako au cha kaka yako?" Aliuliza kwa utani, lakini utani huo ulimchoma bintiye. Yeye, anayewafundisha watu wazima na akili zao namna ya kunywa dawa!

Mzee alifariki miaka kadhaa baadaye kwa mambo mengine kabisa, ya uzee. Lile swali lake likabaki. Ndipo Mama Dozi akamfuata shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta kwa ajili ya kampuni za watu.

"Nataka simu za familia nzima zijue nani ametoa dawa," alimwambia. "Mmoja akitoa, wote waone."

"Hiyo tu, shemeji? Kazi ya wiki mbili."

Ilichukua mwaka na zaidi. Mdogo wake alizoea kula na sahani magotini, maana meza ya chakula ilikuwa imemezwa na nyaya. Lakini programu ikazaliwa, wakaiita Zamu. Ukiifungua unaona dawa za mgonjwa wako, kila dozi na duara lake. Duara jekundu, haijatolewa. Unampa mgonjwa, unabonyeza "Nimetoa", duara linageuka kijani kwenye simu yako na kwenye simu za ndugu zako wote. Mama Dozi aliacha kazi dukani wiki ile ile Zamu ilipoanza kufanya kazi bila kuzimika yenyewe.

Sasa walihitaji watu wa kuijaribu, wachache, kabla ya kuifungulia dunia. Alichagua familia alizozijua kwa sura kutoka dirishani kwake, wale wanaokuja kila mwezi kumchukulia dawa mama, bibi au mjomba. Aliomba ruhusa ya kila mmoja kwanza. Kisha akakaa kuandika mwaliko, na hapo ndipo yeye na shemeji yake walipokwaruzana.

Aliandika hivi:

"Ndugu yangu, wewe ni miongoni mwa watu wachache tuliowaalika kuijaribu Zamu kabla ya wengine. Bado haijakomaa, na tunataka uikute na makosa yake. Kiungo cha kuipakua kiko hapa chini. Ni cha familia yako tu, tafadhali usimpe mtu mwingine. Majaribio yakiisha, kumbukumbu zote zitafutwa.

"Ukikuta tatizo, bonyeza kitufe cha 'Toa taarifa'. Tueleze mambo matatu: ulikuwa unafanya nini, ulitarajia nini kitokee, na kilitokea nini. Ukiweza, ambatisha picha ya skrini, ila jina la mgonjwa ulifiche. Aina ya simu na toleo la programu vitakuja vyenyewe. Matatizo mawili, taarifa mbili. Usiyafunge mzigo mmoja. Usione haya. Hakuna taarifa ya kijinga. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo?" Shemeji aliinua uso. "Unamwalika mtu kwenye programu ya dawa halafu unamtajia kifo?"

"Ni methali."

"Utawakimbiza. Toa."

Akaitoa methali. Lakini shemeji alikuwa hajamaliza. Juu kabisa, kabla ya salamu, Mama Dozi alikuwa ameweka maneno mengine: *Endeleeni kufuatilia dawa kwa njia yenu ya zamani, sambamba na Zamu. Msiitegemee peke yake. Jambo lolote linalogusa dozi yenyewe, imezidi, imepungua au imerukwa, msiandike taarifa: nipigieni simu hapo hapo.* Na namba yake.

"Hii ndiyo inaniua zaidi," alisema shemeji. "Mtu anafungua ujumbe, kitu cha kwanza anaambiwa asiiamini. Ataijaribu vipi kitu asichokiamini?"

"Ndiyo maana ya majaribio, shemeji."

"Sijasema uifute. Ishushe chini. Waanze kwa kukaribishwa kwanza. Hata mgeni humwambii kwanza choo kilipo."

Alikuwa amechoka, na shemeji yake alikuwa amemtumikia mwaka mzima bila kulalamika. Akayashusha yale maneno mpaka mwisho, chini ya kiungo, chini ya shukrani, chini ya jina lake. Akatuma.

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Taarifa ziliingia moja moja, na kila ikiingia wawili hao waliinamia kompyuta kama watu wanaosoma barua ya mchumba. Herufi ni ndogo, bibi haoni. Kengele inafanana na ya jirani, tunaamka sote. Mmoja aliandika mambo matatu kama alivyoagizwa: "Nilikuwa nafungua. Nilitarajia ifunguke. Ilifunguka." Shemeji alicheka mpaka akamwaga chai.

Asubuhi moja Mama Dozi aliketi mezani peke yake kuzipitia zilizoingia. Shemeji alikuwa jikoni. Taarifa ya tatu ilitoka kwa kinyozi mmoja aliyemuuguza mama yake kwa kusaidiana na dada yake. Mtu mpole, kila akija dukani aliomba radhi kwa kusumbua.

"Habari za kazi," aliandika kinyozi. "Si neno kubwa, ila nimeona niwajulishe. Nilikuwa nampa mama dawa zake za sukari kabla sijatoka, nikabonyeza Nimetoa, ikawa kijani. Bando lilikuwa limeisha. Nilitarajia dada aone kijani. Yeye aliona nyekundu, naye akampa. Nimegundua sasa hivi hapa kazini nilipopata mtandao, naona majina yetu yote mawili. Mama hajambo, dada anasema ana usingizi tu; sijamwambia bado, nisimtishe. Kazi njema."

Alisoma mara moja. Aliposoma "ana usingizi tu" aliinyakua simu yake.

Vidonge vile alivijua, alikuwa akivihesabu kwa mkono wake mwenyewe. Vinashusha sukari ya damu. Vikizidi kwa mzee, hasa asiyekula vizuri, sukari inaweza kushuka na kuendelea kushuka kwa saa nyingi, na dalili mojawapo ni hiyo hiyo ambayo watu huiita kupumzika.

Alimpigia kinyozi. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, ikakata. Aliweza kuiona akilini: simu juu ya rafu, kati ya poda na brashi, na mashine inanguruma sikioni mwa mteja.

"Shemeji!" Sauti yake ilimtoa shemeji jikoni na kijiko mkononi. "Endelea kumpigia huyu. Usiache mpaka apokee."

Yeye akatafuta namba ya dada mtu, ambaye alikuwa fundi cherehani. Namba inatumika. Akajaribu tena, inatumika. Mara ya tatu ikapita.

"Nani?"

"Ni Mama Dozi, yule wa dawa. Uko na mama?"

"Niko kazini. Mama nimemwacha amelala. Kwani vipi?"

"Nenda nyumbani sasa hivi. Amepewa vidonge vya sukari mara mbili."

"Hapana, nilimpa mimi mara moja, kwenye simu ilikuwa..."

"Kaka yako alimpa kabla yako. Simu ilidanganya. Kimbia, dada yangu. Usikate, kimbia na simu."

Kiti kikaburuzwa, mtu akauliza kitu kwa mbali, hakujibiwa. Mama Dozi akasikia kandambili zikipiga lami, pumzi, honi ya gari, pumzi tena. Shemeji alisimama mbele yake akiwa na simu sikioni, akitikisa kichwa: bado hapokei. Funguo zililia. Mlango.

"Mama! Mama!" Kisha, kwa sauti ya mtoto: "Amelowa jasho. Shuka lote limelowa. Haniitikii vizuri."

"Amefumbua macho?"

"Ananitazama tu. Anasema maneno siyaelewi."

"Mwinue akae. Mpe funda dogo la maji matupu kwanza. Tazama koo. Anameza?"

Mama Dozi alibana simu sikioni, akingoja. Kama angekuwa hawezi kumeza, basi kumtia kitu mdomoni kungemziba pumzi, na wangebaki kungoja gari na Mungu.

"Anameza."

"Haya. Maji yenye sukari nyingi, koroga, mpe kidogo kidogo. Halafu hospitali, hata akichangamka. Umenisikia? Hata akisema amepona. Vile vidonge bado vimo tumboni, sukari inaweza kushuka tena. Chukua na pakiti ya dawa waione."

Wakati huo shemeji aliinua mkono: kinyozi amepokea. Baadaye mtaani ilisimuliwa kwamba alitoka mbio saluni kwake akiwa na mashine mkononi, na mteja wake akazunguka nusu siku akiwa na ndevu upande mmoja, akikataa kunyolewa na mwingine kwa heshima ya kinyozi wake. Lakini asubuhi ile hakuna aliyecheka. Kinyozi alipata gari, wakamfikisha mama yao hospitali, akawekewa dripu ya sukari, madaktari wakasema hatoki mpaka wahakikishe haishuki tena.

Mama Dozi alipokata simu alimgeukia shemeji yake. Shemeji alikuwa tayari ameketi kwenye kompyuta.

"Nimeliona kosa," alisema bila kugeuka. "Ni mimi. Ukibonyeza bila mtandao, nimeifanya igeuke kijani papo hapo, ili mtu asingoje. Halafu inangoja mtandao ndipo iwapelekee wengine. Kwa wengine inabaki nyekundu. Nipe saa moja nirekebishe."

"Hapana. Zima kwanza."

"Nikirekebisha..."

"Shemeji, zipo familia nyingine zinatazama hayo maduara muda huu. Zima."

Akazima. Kwa njia waliyokuwa wameiandaa, kila simu iliyokuwa na mtandao ilionyesha ukurasa mmoja tu: Zamu imesimamishwa, usiifuate, rudi kwenye njia yako ya zamani. Lakini hapo ndipo walipotazamana, maana wote wawili walifikiri jambo moja. Simu isiyo na mtandao haitaliona lile tangazo. Na tatizo lenyewe ni la simu zisizo na mtandao.

"Tunawapigia," alisema Mama Dozi. "Mmoja mmoja. Na si kuwaambia tu. Kila mmoja aulizwe: leo na jana, nani alimpa, wewe au mwenzio? Ulimwona akimeza?"

Walizigawana familia. Mdogo wake alirudi kutoka kazini akawakuta wamekaa kila mmoja pembe yake, akatua mkoba na kuchukua simu yake naye. Nyumba nyingi zilikuwa salama. Nyumba moja bibi alikuwa amepewa vitamini mara mbili, akasema ndiyo maana amejisikia msichana. Nyumba nyingine mambo yalikuwa kinyume: kaka aliona kijani cha juzi kwenye simu iliyokosa mtandao akadhani ni cha leo, mjomba akakosa kidonge kimoja cha presha. Huyo walimwelekeza amuulize daktari wake kabla ya kufidia chochote. Mtu wa mwisho, dereva wa lori aliyemuuguza baba yake, hakupatikana mpaka jua lilipoelekea kuzama. Alikuwa anaendesha. Aliposikia habari alisema kwa utulivu, "Mimi huwa naandika pia kwenye kalenda ukutani. Si mlisema tuendelee na njia ya zamani? Kule chini kabisa."

"Ulisoma mpaka chini?"

"Dada, mimi husoma hata mkataba wa tairi."

Mama Dozi alishukuru, akakata simu, akaenda kunawa uso.

Kesho yake walikwenda hospitali, yeye na shemeji. Mama wa kinyozi alikuwa ameketi kitandani, anakula, anawagombeza wauguzi. Kinyozi alisimama kuwapokea. Dada yake hakusimama.

"Mmekuja kuona kama jaribio limefaulu?" aliuliza.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema Mama Dozi. "Kosa ni letu. Programu ilionyesha kitu ambacho haikuwa na hakika nacho."

"Ni mimi niliyeiandika hivyo," alisema shemeji. Alikuwa hajalala, na sauti yake ilikwaruza.

"Na mimi nilikuwa na onyo," Mama Dozi akaendelea, "nikaliweka mahali ambapo mtu mwenye shughuli zake hafiki. Kaka yako alifanya kila tulichomwagiza. Aliandika taarifa nzuri kuliko zote tulizopata. Alipaswa kunipigia, lakini hilo lilikuwa chini kabisa."

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Niliona nitawasumbua. Mlisema kuna kitufe."

"Tuliandika msione haya," Mama Dozi alisema. "Hatukuandika ni lini mwogope."

Dada mtu alikunja khanga yake magotini, akaikunjua. "Mimi nilikuwa nampa mama dawa kwa macho yangu na kichwa changu. Siku nilipoanza kuitazama simu ndiyo nikaacha kumuuliza mama mwenyewe. Hata sikumuuliza, 'Mama, umeshapewa?'"

"Ungeniuliza ningekwambia," alisema mama mtu, mdomo umejaa. "Lakini nilidhani vimeongezwa. Mnaniongezea kila siku."

Hakuna aliyejua kama ni ruhusa kucheka. Mama mwenyewe akacheka, basi wakacheka kidogo, isipokuwa binti yake. Alipowasindikiza mlangoni alisema maneno ya wazi: hiyo Zamu isirudi kwenye simu yake wala ya kaka yake. Mama Dozi hakubembeleza. Alisema, "Una haki," akamwambia majina yao yatafutwa siku hiyo hiyo, na yakafutwa.

Majaribio yalikaa kimya kwa wiki kadhaa. Shemeji aliibomoa ile sehemu yote akaijenga upya. Sasa ukibonyeza bila mtandao duara linakuwa la njano, na maandishi yanasema haijawafikia wengine, wapigie. Na kwa wale wengine, simu isiyo na habari mpya haionyeshi nyekundu wala kijani. Inaonyesha alama ya kuuliza, na namba ya ndugu wa kumpigia. Mwenzio akiwa ameshabonyeza, programu haipokei dozi ya pili mpaka uthibitishe. Waliijaribu wenyewe nyumbani kwa peremende badala ya vidonge, wakizima mtandao chumba hiki na kuuwasha kile, mdogo wake akicheza mgonjwa. Alikula peremende nyingi kabla hawajaridhika, na kila aliyozidishiwa aliitangaza kwa sauti ya mtu anayekata roho.

Kitufe cha taarifa nacho kilibadilika. Ukikibonyeza, kabla ya yale maswali matatu, linakuja swali moja: Je, hili linagusa dozi? Ukijibu ndiyo, hukuti nafasi ya kuandika. Simu inampigia Mama Dozi.

Kisha akaandika mwaliko wa pili. Safari hii shemeji alikaa kando bila kusema kitu, mpaka alipoulizwa.

"Soma," alisema Mama Dozi.

Mwanzo kabisa, kabla ya salamu, ulisema: "Zamu ilikosea, na mama mmoja akalazwa. Amepona. Tumerekebisha tulichokigundua, hatujui tusichokigundua. Msiitegemee peke yake. Muulizeni mgonjwa. Dozi ikiguswa, nipigieni, hata kama mnadhani si neno kubwa." Ndipo salamu zikafuata, na kiungo, na jinsi ya kutoa taarifa.

Shemeji alisoma mpaka mwisho. "Utawapoteza nusu," alisema.

"Najua."

"Haya. Lakini ile methali yako irudishe. Sasa inafaa."

"Haifai," alijibu. "Wakisoma mistari ya juu wataijua wenyewe."

Akatuma, na siku zilizofuata akampigia kila mmoja amsomee mistari ya juu kwa mdomo. Karibu nusu waliaga kwa adabu. Dereva wa lori alibaki. Bibi wa vitamini alibaki, akitaka kujua kama herufi zimekuwa kubwa. Kinyozi hakurudi, kwa kumheshimu dada yake, ila alituma salamu, akasema mama anakula vizuri na mteja wa ndevu bado anamdai upande wa pili.

Mama Dozi alijibu salamu, akaongeza sauti ya simu mpaka mwisho, akaiweka kwenye mfuko wa aproni, akaenda kumsaidia mdogo wake kuondoa nyaya mezani, maana siku hiyo walikuwa na wageni wa chakula.